Je, Wajua? Gugumaji kwenye kopo la mchicha

Je, wajua kwamba "mbolea ya gugumaji ni nzuri" si nadharia tete? Haipimiki. Mwanafunzi wa Mwanza anayeokota gugumaji ufukweni mwa Ziwa Victoria aandike hivi: "Katika siku 21, mchicha wenye sehemu moja ya mboji ya gugumaji kwa tatu za udongo utarefuka zaidi kuliko wa udongo mtupu." Kigeu huru ni mboji, kigeu tegemezi ni urefu, unaopimwa kwa rula kuanzia usawa wa udongo. Mbegu, maji, jua na ukubwa wa makopo visitofautiane. Aandae makopo 10 kila upande, maana mche mmoja huweza kufa kwa sababu yoyote. Majani ya upande wa mboji yakiwa manjano, huenda mboji haikuiva: vijidudu vinavyoiozesha huinyang'anya miche naitrojeni. Matokeo hayo nayo yaandikwe daftarini.