Helmeti ya Pili na Gunia la Nyuma

Pikipiki nyingi za biashara zilizopaki vijiweni Tanzania zina helmeti mbili. Moja iko kichwani kwa dereva, ina kioo na mara nyingi imebandikwa stika ya Simba au Yanga. Nyingine inaning'inia kwenye saitimira. Hiyo ya pili ndiyo ya abiria, na usipoiomba huenda usipewe kabisa. Ukiiomba, unaweza kujibiwa: "Hapo karibu tu, dada, na hii njia haina trafiki."

Jibu hilo linasema kweli ambayo dereva mwenyewe hakukusudia kuisema. Helmeti ile imenunuliwa kwa ajili ya trafiki. Utaratibu unamtaka dereva na abiria wote wavae, na pikipiki ibebe abiria mmoja tu. Kenya waliandika hivyo hivyo kwenye Sheria ya Trafiki mwaka 2012, wakaongeza na koti la kung'aa. Lakini tangu bajeti ya 2021/22, faini ya bodaboda Tanzania ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Nafuu hiyo iliwasaidia vijana wengi, sikatai. Ila sasa helmeti ya maana ni ghali kuliko kosa lenyewe, na mwenye pikipiki anayepiga hesabu atanunua ile ya bei ya chini kabisa, mradi kwa mbali ionekane ni helmeti.

Tuanze na kazi ya kifaa hicho. Abiria akiwa amekaa, kichwa chake kiko kama mita 1.5 kutoka kwenye lami. Hata pikipiki ikilala ikiwa imesimama, kichwa hicho kinafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, kwa kuanguka tu. Kisipokuwa na kitu, kinasimama ndani ya milimita chache. Chukua 5: ukigawa mita 1.5 kwa milimita 5 unapata 300, maana yake kichwa kinapigwa kwa nguvu ya kama mara 300 ya uzito wake. Sasa weka katikati povu gumu linalobonyea sentimita 2.5. Gawa tena, unapata 60. Tofauti hiyo ndiyo inayompeleka mmoja nyumbani na mwingine chumba cha upasuaji. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Kwa hiyo kinachookoa ni povu, lile jamaa ya povu jeupe linalokuja na televisheni mpya ndani ya boksi. Ganda la nje hulisaidia tu, na sponji laini ni la starehe. Helmeti nyingi za abiria hazina povu hilo, ni plastiki na sponji basi. Kulijua ni rahisi: ingiza kidole gumba ndani na ubonyeze. Kikizama mpaka kugusa plastiki, umepewa kofia ya kuzuia jua. Kikikutana na kitu kigumu chini ya sponji, povu lipo.

Povu nalo huharibika. Likishabonyezwa na ajali moja halirudi, hata kama nje hakuna mkwaruzo. Petroli na thina huliyeyusha, na wapo madereva wanaosafisha helmeti kwa petroli ili ing'ae. Hata kuitundika kwenye saitimira siku nzima kunaliumiza, kwa sababu ncha ya kioo inachimba ndani polepole, juu kabisa pale utosini.

Kisha mkanda. Helmeti isiyofungwa hutoka kichwani kabla kichwa hakijafika chini, na ile ya abiria mara nyingi kifungo chake kimekatika, mkanda umebaki kufungwa fundo. Ukishafunga, vidole viwili vipite kati ya mkanda na kidevu, visizidi. Halafu shika helmeti kwa nyuma, uisukume kwenda mbele. Ikikuvukia macho na kutoka, ni kubwa kwako.

Najua kinachowakatisha tamaa abiria wengi, hasa wanawake: jasho la watu 20 waliotangulia, mapunye, na nywele zilizosukwa jana kwa pesa. Malalamiko haya si deko. Uganda, kampuni ya SafeBoda iliyoanza mwaka 2014 iliyachukulia kwa uzito, madereva wake wakawa wanampa abiria kofia nyepesi ya kuvaa ndani kabla ya helmeti. Kitambaa chembamba au mtandio mwepesi unafanya kazi hiyo hiyo, ila kilemba kinene hapana, kinaiinua helmeti na mkanda haushiki. Kigali nako abiria wa moto kuvaa helmeti ni jambo la kawaida kiasi kwamba asiyevaa ndiye anayeshangaza.

Sasa njoo kwenye mzigo. Watu huuliza, "Pikipiki inabeba kilo ngapi?" Swali zuri zaidi ni kwamba kilo hizo zimekaa wapi.

Chukua pikipiki ya kilo 120 na dereva wa kilo 70. Jumla 190. Tuseme tairi la mbele limebeba 85 na la nyuma 105, na kutoka tairi hadi tairi ni sentimita 130. Funga gunia la mahindi la kilo 100 kwenye keria, katikati yake ikiwa sentimita 30 nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma. Gunia hilo halilemei nyuma tu, linainua mbele pia: 100 mara 30, gawa kwa 130, ni kama kilo 23. Tairi la mbele linabaki na 62. La nyuma limefika 228, zaidi ya mara mbili ya lilivyokuwa.

Tairi la mbele ndilo linaloongoza, na breki ya mbele ndiyo yenye nguvu. Dereva aliyefunga gunia hivyo anauhisi usukani umekuwa mwepesi mikononi, akiingia kona pikipiki inataka kwenda moja kwa moja, na mlimani mbele inanyanyuka. Usiku taa yake inamulika matawi badala ya barabara. Dalili hizo zikionekana, mzigo usogezwe mbele, ushushwe chini au upunguzwe. Kuukaza mpira hakuondoi hata moja.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyo nyuma ya katazo la mishikaki. Mtu wa tatu hana siti. Yeye hukaa kwenye keria, mahali pa gunia, huku dereva akisukumwa juu ya tangi mpaka viwiko vinakosa nafasi ya kugeuza usukani. Tena gunia limefungwa, halitikisiki. Mtu anapepesuka kila kona.

Abiria mwenye mzigo wake ana shida nyingine. Ndoo au mfuko ulioshikwa mapajani humnyima mikono yote miwili. Aliyekaa upande kwa sababu ya dera ana kikanyagio kimoja tu, na breki ya ghafla inamkuta hana pa kushika. Ncha ya kanga au buibui inayopepea nayo huvutwa na cheni au spoku kabla dereva hajasikia ukelele. Kabla pikipiki haijaondoka, kusanya nguo, uikunje na kuikalia, kisha uangalie kwa macho upande wa cheni.