Kompyuta ya Mpiga Picha: Kioo Kwanza

Mpiga picha akiingia dukani kutafuta kompyuta mpakato, muuzaji humtajia prosesa, RAM na ukubwa wa diski. Kuhusu kioo huambiwa inchi tu. Hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa sababu prosesa dhaifu itamchelewesha, lakini kioo kibaya kitamdanganya.

Tuchukue harusi moja ya Mombasa. Bi harusi amevaa gauni jekundu lililokolea. Mpiga picha anafungua picha zake kwenye kompyuta ya bei nafuu, anaona wekundu umefifia, naye anaukoleza. Picha zikirudi kutoka maabara, gauni limekuwa bonge la rangi nyekundu, mikunjo ya kitambaa haionekani. Kamera haikukosea, wala maabara. Kioo hakikuwa na uwezo wa kuonyesha wekundu uliokuwemo ndani ya faili tangu mwanzo.

Uwezo huo hupimwa kwa kulinganisha na kipimo kiitwacho sRGB, kilichobuniwa mwaka 1996, ambacho hadi leo ndicho lugha ya rangi ya mtandao na maabara nyingi za picha. Ukisoma kwenye maelezo ya kompyuta maneno "45% NTSC", jua kwamba kioo hicho kinaonyesha takriban theluthi mbili tu ya rangi za sRGB. Tafuta kilichoandikwa "100% sRGB", tena cha aina ya IPS, ambacho rangi zake hazibadiliki sana ukikiangalia kwa pembeni. Kipimo kipana zaidi, Adobe RGB cha mwaka 1998, kina faida hasa upande wa kijani na samawati. Anakihitaji anayechapa kwa printa zenye uwezo wa kutoa rangi hizo. Kwa albamu za harusi na picha za simuni, sRGB kamili inatosha.

Hata kioo kizuri huhitaji kusawazishwa. Kifaa cha kazi hiyo ni kipima rangi, kidude kidogo kinachoning'inizwa juu ya kioo na kuchomekwa kwenye USB. Washa kompyuta nusu saa kabla, zima modi ya usiku inayotia kioo umanjano, kisha iache programu ya kifaa ipitishe rangi moja baada ya nyingine huku kidude kikizisoma. Malengo ya kawaida ni weupe wa 6500K, gama 2.2 na mwangaza wa kati ya 80 na 120 cd/m². Mwangaza ndio wengi hukosea. Kioo kikiwa kikali mno, picha huonekana ina mwanga wa kutosha, unaipunguza, na ikichapwa inatoka na giza. Rudia zoezi hili kila mwezi au zaidi kidogo, maana kioo hubadilika kadiri kinavyozeeka. Lakini usawazishaji una mpaka: hupanga vizuri rangi zilizopo, hauongezi zisizokuwepo.

Sasa faili zenyewe. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili ghafi, yaani RAW, ya megabaiti 30 hivi ikibanwa. Picha 2,000 za harusi ni gigabaiti 60. Kisoma kadi kilichounganishwa kwa USB 2.0 husoma megabaiti 35 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kazi itachukua karibu nusu saa. Kisomaji cha UHS-I kinachofikia 90 kitamaliza kwa dakika 11, na cha UHS-II kinachofikia 250 kwa dakika 4. Kadi ya UHS-II utaitambua kwa safu mbili za pini nyuma yake, ila mbio hizo hazipatikani kama kisomaji nacho si cha UHS-II. Kompyuta nyingi nyembamba hazina tundu la kadi kabisa, na kisomaji cha pembeni cha USB 3 si pungufu.

Upande wa hifadhi, SSD ya gigabaiti 512, ukiondoa mfumo, programu na nafasi ya kupumulia, hubaki na kama 350. Hizo ni harusi tano tu. Kwa hiyo hariri harusi za karibuni ndani ya kompyuta, kisha zilizokamilika zihamishie kwenye diski za nje. Za kuzunguka, HDD, ni polepole lakini kila gigabaiti hupatikana kwa bei ndogo, na kwa kumbukumbu hilo linatosha. Ziwe mbili, zikae nyumba tofauti, maana mwizi au moto havichagui diski. Na kadi isifutwe mpaka nakala mbili ziwepo na picha kadhaa katika kila nakala zimefunguliwa zikaonekana nzima.

Fedha zikiwa chache, basi, lipa kwanza kioo cha sRGB kamili. RAM na SSD katika kompyuta kadhaa huweza kuongezwa baadaye, na kisomaji na diski za nje hununuliwa kidogo kidogo. Kioo utakachokichagua siku ya kununua ndicho utakachofanyia kazi miaka yote.