Mwachie Lebo Tupu: Kwa Nini Akili Mnemba Huvuruga Maandishi ya Vifungashio

Picha ya chupa ya asali iliyotengenezwa kwa akili mnemba huvutia kwa mbali. Kioo kinang'aa, asali imeiva rangi, hata nyuzi za mbao za meza zinaonekana. Sogea usome lebo. Juu pameandikwa "ASALLI YA NYUKII", na chini, panapotakiwa kuwa uzito na tarehe ya mwisho wa matumizi, pana mistari ya alama zinazofanana na herufi lakini si za alfabeti yoyote.

Wajasiriamali wengi wakiona hivyo huagiza picha upya, mara ya pili, mara ya kumi, wakitumaini kwamba safari hii maneno yatanyooka. Ni juhudi inayopotea bure, na sababu yake imo katika namna picha hizo zinavyotengenezwa.

Zana kama Stable Diffusion, iliyotolewa mwaka 2022, haziandiki. Huanza na picha iliyojaa chenga tupu, kisha huzipunguza hatua kwa hatua, kila mara zikikisia ni nini kingefaa kuwepo mahali hapo kulingana na mamilioni ya picha zilizofunzwa nazo. Kwa kuwa chupa za dukani huwa na lebo, na lebo huwa na mistari myeusi iliyopangwa, zana hupanga mistari myeusi. Ni sawa na mtu asiyejua kusoma anayedarizi jina la kanga: anajua jina hukaa wapi na lina urefu gani, lakini hajui herufi gani hufuata ipi.

Kuna sababu ya pili, na hii unaweza kuipigia hesabu. Ili kazi iende haraka, zana nyingi za aina hii hazichori pikseli moja moja. Huigawa picha katika viraba vya pikseli 8 kwa 8, na katika matoleo ya mwanzo ya Stable Diffusion kila kiraba hufupishwa kuwa namba 4 tu. Kwa anga, ukuta au asali hizo zinatosha, maana jicho halijali punje moja ya rangi ikihama. Herufi haivumilii hivyo. Kijistari kidogo kikihama, "e" inageuka "c".

Tuchukue kikundi cha wafugaji nyuki wa Tabora wenye chupa ya kimo cha sentimita 13. Wanatengeneza picha ya pikseli 1024 kwenda juu, na chupa inachukua takriban 750 kati ya hizo. Kila milimita ya chupa inapata chini kidogo ya pikseli 6. Wanataka kuuza Ulaya, ambako kanuni namba 1169 ya mwaka 2011 inataka herufi ndogo kama "x" isipungue kimo cha milimita 1.2 kwenye vifungashio vya kawaida. Milimita 1.2 kwenye picha yao ni pikseli 7. Yaani herufi nzima inaingia ndani ya kiraba kimoja, na namba 4 haziwezi kutofautisha vizuri "a", "o" na "e". Matoleo ya baadaye, kama Stable Diffusion 3 ya mwaka 2024, yaliongeza namba hizo hadi 16, na hii ni mojawapo ya sababu yanaandika vichwa vikubwa vizuri zaidi. Maandishi madogo bado ni mtihani.

Sababu ya tatu inatugusa sisi zaidi. Maelezo unayoandika hayasomwi herufi kwa herufi. Hukatwa vipande, na kila kipande hupewa namba. Neno la Kiingereza lililozoeleka huwa kipande kimoja ambacho zana imekiona mara nyingi pamoja na picha zake. Neno la Kiswahili mara nyingi hukatwa viwili au vitatu, na lebo za Kiswahili katika picha za mafunzo ni chache. Ndiyo maana "HONEY" inaweza kutoka sawa na "ASALI" ikaharibika.

Basi dawa ni kugawa kazi. Zana ichore chupa, mwanga na meza. Maneno uyaandike mwenyewe kwenye programu inayojua herufi, kama Inkscape, ambayo ni ya bure. Lakini nafasi ya maneno haiji yenyewe. Lazima iombwe vizuri.

Kwanza andika maneno yote ya lebo kabla ya picha, ujue yanahitaji nafasi kiasi gani. Msimbopau wa kawaida wa tarakimu 13, pamoja na weupe wake wa pembeni, una upana wa milimita 37 hivi. Kwenye lebo ya milimita 70 huo ni zaidi ya nusu, kwa hiyo upeleke kwenye lebo ya nyuma. Mbele pabaki jina, aina ya asali na uzito.

Kisha agiza kitu kilichopo, usiagize kitu kisiwepo. Ukiandika "bila maandishi" katika maelezo makuu, neno maandishi limekwisha kuingia, na zana nyingi ni dhaifu katika kuelewa ukanushi. Taja karatasi tupu, rangi yake na ukubwa wake. Epuka pia maneno kama tangazo au nembo, kwa sababu picha zinazoambatana nayo zimejaa herufi. Kwa kuwa zana nyingi zimefunzwa zaidi kwa Kiingereza, kikundi chetu kinaandika hivi:

```
front view of a glass jar of honey, one blank cream matte paper label,
label covers half of the jar height, wooden table, soft even light
```

Kila neno lina kazi. Chupa inayotazama mbele huzuia lebo kupinda upande. Karatasi isiyong'aa haileti doa la mwanga litakaloficha herufi. Mwanga uliosambaa huzuia kivuli kukata lebo katikati. Kama zana ina sehemu ya vitu visivyotakiwa, huko ndiko pa kuandika `text, letters, logo, barcode`.

Picha ikitoka, ikuze mara mbili uikague lebo nzima. Mara nyingi kona moja huwa na vijistari vya kijivu vinavyojifanya maneno. Usiitupe picha; pakia rangi eneo hilo kwa brashi ya kusahihisha na uombe karatasi tupu. Brashi ivuke ukingo wa vijistari pande zote, kwa sababu mabaki yakibaki nje, zana itayaona na kuandika tena. Angalia pia alama za ubora. Zana inaweza kubuni kitu kinachofanana na alama ya TBS au KEBS, nazo hutumiwa na aliyepewa kibali tu. Ifute.

Sasa weka maneno katika tabaka la juu ya picha. Ukilipa tabaka hilo hali ya `Multiply`, kivuli cha karatasi kitapita ndani ya wino usio mweusi kabisa na maneno yataonekana yamechapwa, si yamebandikwa. Yapinde kidogo kufuata mviringo wa chupa, na usiyafikishe kwenye kingo, ambako lebo inazunguka kwenda nyuma.

Picha hiyo ni ya matangazo. Lebo ya kwenda kwa mchapaji itengeneze peke yake, bapa, na uihifadhi katika PDF huku maneno yakibaki maneno, si pikseli. Acha milimita 3 za ziada nje ya mstari wa kukatia, na maneno yakae milimita 3 ndani yake. Kabla ya kulipia, ichape kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ya kawaida, izungushe kwenye chupa, kisha mpe mtu ambaye hakuiandika aisome kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu.

Faida kubwa itaonekana msimu ujao. Kikundi kikianza kuuza chupa ya gramu 250 badala ya 500, aliyeandika mwenyewe atabadilisha tarakimu mbili tu za uzito kwenye lebo ya mbele. Aliyeiachia zana iandike atalazimika kuagiza picha upya na kuanza tena kuhesabu herufi za neno asali.