Homoni Mbili Zinazoamua Mche wa Mgomba

Mkulima anayechimba chipukizi la mgomba ili akalipande kwingine mara nyingi huhamisha pia fukusi, minyoo fundo na ukungu wa mnyauko. Miche ya tishu huikwepa njia hiyo, kwa sababu huanzia ndani ya chipukizi, mahali ambapo wadudu hao kwa kawaida hawajafika.

Maabarani chipukizi humenywa ganda baada ya ganda mpaka kibaki kiini cha takriban sentimeta moja. Kiini husafishwa kwa dawa ya klorini, kisha huwekwa ndani ya chupa yenye chakula kama jeli: chumvichumvi, vitamini, sukari gramu 30 kwa lita, na homoni. Sehemu iliyokatwa huweza kuwa nyeusi, hivyo hulazimu kukihamishia kwenye chakula kipya mapema. Ukungu mweupe au utelezi chini ya kiini ni dalili kwamba usafi umeshindikana, na chupa hiyo hutupwa.

Kinachoamua kiini kitakua vipi ni uwiano wa homoni mbili, oksini na sitokinini. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, walilionyesha hilo kwa tishu ya tumbaku. Oksini ileile iliyoambatana na sitokinini kidogo ilitoa mizizi, na ilipoambatana na nyingi ilitoa machipukizi. Kati ya hapo tishu ilifura tu ikawa kalasi, yaani bonge la seli lisilo na shina wala mzizi.

Kwa mgomba, fundi huanza na sitokinini nyingi, kwa mfano BAP miligramu 5 kwa lita. Badala ya chipukizi moja, kiini huotesha kadhaa. Hugawanywa kila baada ya wiki tatu au nne. Kila kimoja kikitoa vitatu, raundi sita zitazalisha machipukizi 729. Ndipo BAP huondolewa, oksini kidogo huongezwa, na mizizi huchomoza.

Kalasi nayo ingeweza kurudishwa kuwa mimea, lakini watengenezaji wa miche huiepuka. Seli zinazogawanyika ovyo huelekea kubadilika kijenetiki, na mgomba utakaotoka huenda ukawa mfupi kupita kiasi au ukazaa mkungu wa ajabu. Kugawanya mara nyingi mno nako huongeza hatari hiyo, kwa hiyo maabara nyingi huishia raundi 8 hadi 10.

Mche ukitoka chupani, majani yake hayana nta ya kutosha kuzuia maji yasipotee, na ukianikwa juani hunyauka. Hufunikwa kwa nailoni kivulini, kisha hufunuliwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Usafi wa chupa hauondoi virusi vilivyomo ndani ya mgomba mama. Kwa hiyo anayenunua miche aulize mambo mawili: mgomba mama ulipimwa virusi, na miche imegawanywa mara ngapi?