Kwa Nini Redio ya Mawimbi ya Kati Hufika Mbali Usiku

Ukiwasha redio ya mawimbi ya kati saa sita mchana, utapata vituo vya karibu tu. Rudia saa tatu usiku, utakuta vya nchi za mbali vimejaa. Baraka na Asha, wanafunzi wa kidato cha tano, walilijadili jambo hilo redio ikiwa mezani.

"Kwani usiku vituo huongeza nguvu?" aliuliza Baraka.

"Hapana, vingine hata hupunguza, visije vikaingiliana. Kinachobadilika ni anga. Mchana jua hubandua elektroni kutoka kwenye chembe za hewa ya juu. Hiyo ndiyo ionosfia. Tabaka lake la chini, D, liko kati ya kilomita 60 na 90."

"Si ndilo linaloyarudisha mawimbi?"

"D huyameza. Mawimbi huzitikisa elektroni, lakini hewa ya pale bado ni nzito kiasi, kwa hiyo elektroni hugongana na chembe nyingine na nguvu yote huishia kuwa joto. Jua likizama, elektroni za D hushikana tena na chembe upesi, tabaka likatoweka. Kuanzia kama kilomita 100 kwenda juu hewa ni nyepesi mno, na elektroni hukawia kushikana. Mawimbi yakifika huko hupindishwa mpaka yakarudi ardhini, mamia ya kilomita kutoka mnarani."

"Mbona basi kituo kilicho kilomita 150 tu husikika vizuri mchana, lakini usiku sauti inakuja na kupotea?"

Asha alichora pembetatu daftarini. "Mchana unapata wimbi moja, linalotambaa ardhini. Usiku linaongezeka la angani. Nusu ya umbali ni kilomita 75, kimo ni 100, kwa hiyo mshazari ni 125. Kupanda na kushuka?"

"250. Limezidi la ardhini kwa kilomita 100."

"Sasa, kwa masafa ya kilohezi 1,000, urefu wa wimbi ni mita 300. Vilele vikifika pamoja, sauti inapanda. Tabaka likiinuka kama mita 94 tu, safari ya angani inaongezeka mita 150, yaani nusu wimbi. Kilele kinakutana na bonde, yanafutana. Na tabaka halitulii."

Kufifia huko ndiko kulikompa Mwingereza Edward Appleton kipimo. Desemba 1924, yeye na Miles Barnett walisikiliza wakiwa Oxford huku mtambo wa BBC wa Bournemouth ukibadilishwa masafa polepole, vipindi vya kawaida vikiwa vimekwisha. Walihesabu sauti ilipanda na kushuka mara ngapi. Katika mfano wa Asha, kila masafa yanaposogea kilohezi 3, sauti ingepanda na kushuka mara moja. Tofauti ya njia ikiwa kubwa zaidi, msogeo mdogo zaidi ungetosha. Kwa hesabu ya namna hiyo Appleton alipata kimo cha tabaka: karibu kilomita 100.