Video ya Nyumba Ifuate Milango

Mwalimu anayehamishiwa Migori kutoka Nakuru humwomba dalali amtumie video ya nyumba kabla hajafunga mizigo. Mara nyingi hupokea vipande kumi na kitu vilivyoingia ovyo kwenye WhatsApp: bafu kwanza, kisha lango, kisha vyumba viwili vya rangi moja ambavyo huenda ni chumba kimoja kilichopigwa mara mbili. Picha ni safi, ila hajui jikoni ni upande gani wa sebule.

Kazi ya kuunganisha vipande hivyo huanza kwenye karatasi. Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba vitatu vya kulala mtaani Oruba. Mlango wa mbele unaingia sebuleni. Kushoto kuna jikoni lenye mlango wa nyuma unaotokea kwenye tangi la maji. Mbele kuna korido: vyumba viwili kulia, choo na bafu kushoto, chumba kikuu mwisho. Chora ramani hiyo, weka alama kila penye mlango, kisha pitisha mstari mmoja kwa kalamu.

Wengi wangeingia jikoni mara tu baada ya sebule kwa kuwa liko karibu. Hapa afadhali lisubiri. Jikoni lina mlango wa kutokea nje, kwa hiyo likiwa la mwisho, mtazamaji hurudi nyuma mara moja tu, kutoka chumba kikuu hadi sebuleni. Kurudi huko hakuhitaji kipande kirefu. Picha ya sebule iliyopigwa kutoka koridoni, sekunde tatu, yenye maandishi "Tunarudi sebuleni", inatosha. Lango likipewa sekunde 3, uwanja 6, sebule 8, korido 4, vyumba viwili 5 kila kimoja, choo na bafu 5, chumba kikuu 6, picha ya kurudi 3, jikoni 6 na tangi 4, video nzima ni sekunde 55.

Kipande kizuri huanza mlangoni na kuishia kikitazama mlango unaofuata. Vingi ulivyotumiwa havitakuwa hivyo. Kama mpigaji alirekodi chumba akitoka badala ya kuingia, unaweza kukirudisha kinyumenyume na kuondoa sauti, mradi hakuna mtu anayetembea, bomba linalotiririka wala pazia linalopepea. Usigeuze picha kushoto-kulia hata ikipendeza zaidi, kwa sababu utakuwa umehamisha mlango. Baadhi ya simu hufanya hivyo zenyewe kwa kamera ya mbele. Utagundua ukitazama kalenda ukutani au tarakimu za mita ya umeme: zikisomeka kinyume, chumba kimegeuzwa. Na mita ikisomeka vizuri, ifiche namba yake kabla ya kutuma.

Picha za kawaida hujaza pengo. Zisogeze kidogo tu, kuelekea mlango utakaofuata, si katikati ya dirisha. Unapopita mlangoni, kata moja kwa moja. Tumia mfifio pale tu unaporuka sehemu isiyorekodiwa, ili mtazamaji ajue kuna hatua imeachwa.

Maandishi nayo yaseme kile ambacho jicho haliwezi kupima. "Sebule nzuri" ni kupoteza nafasi. "Sebule, futi 12 kwa 14" inamwambia mwalimu kama makochi yake yatatosha, na kipimo hicho ndicho kinachosahihisha kamera ya 0.5x inayotanua kila chumba. Kwa vile vyumba viwili pacha, andika "Chumba cha 2, kulia, dirisha la mashariki" na "Chumba cha 3, kulia, mkabala na bafu". Mistari isizidi miwili, ikae sekunde tatu au zaidi, juu ya ukanda mweusi hafifu, kwa maana herufi nyeupe hupotea kwenye ukuta wa krimu. Iinue pia kidogo kutoka ukingo wa chini, ambako programu nyingi huweka vitufe vyake.

Kabla ya kutuma, mpe mtu asiyeijua nyumba video hiyo aitazame bila sauti, kisha achore milango. Akiweka jikoni kulia, kosa liko kwenye kipande cha sebule. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, video hubanwa na herufi ndogo huvurugika. Itume kama hati.

Kuna mambo ambayo hata mpangilio bora hauonyeshi. Upande wa Homa Bay, hasa bonde la Lambwe lenye udongo mweusi unaonata, njia iliyopigwa Januari si ile ya Aprili mvua ikinyesha. Ongeza kipande cha njia kutoka barabara kuu hadi langoni, na uandike juu yake mwezi kiliporekodiwa. Andika pia siku ambazo maji ya bomba hufika, baada ya kumuuliza mpangaji wa jirani.