Printa ya Risiti Dukani: Upana wa Karatasi na Droo ya Fedha

Printa ya risiti inayotumia joto haina wino wala utepe. Karatasi yake imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata moto, na kichwa cha printa kina safu ya vidoti vidogo mno vinavyowaka na kuzimika kadiri karatasi inavyopita. Kemikali hiyo kwa kawaida iko upande mmoja tu. Upande wenyewe hujulikana kwa kuukwaruza kwa ukucha: unaoandikika huacha alama nyeusi. Roli ikiwekwa kinyume, printa huvuma na kusogeza karatasi kama kawaida, ila risiti hutoka nyeupe tupu. Printa nzima inaweza kurudishwa kwa muuzaji kwa kosa hilo peke yake.

Kabla ya kuunganisha kompyuta, printa ijaribiwe peke yake. Kwenye printa nyingi kitufe cha FEED hubanwa huku umeme ukiwashwa, kisha huachiwa printa inapoanza kuchapa karatasi ya majaribio. Karatasi hiyo ikitoka safi, printa ni nzima. Baada ya hapo risiti ikikataa kutoka, tatizo litafutwe kwenye kebo, kwenye draiva au kwenye programu ya mauzo.

Vipimo vya karatasi vinavyouzwa zaidi ni viwili, milimita 58 na milimita 80, na hapa ndipo maduka mengi hukwama. Si upana wote unaochapwa. Kwenye roli ya 58 maandishi huchukua kama milimita 48, na kwenye roli ya 80 kama milimita 72. Kwa herufi za kawaida, ya kwanza hubeba herufi 32 katika mstari mmoja na ya pili hubeba 48, nafasi tupu zikihesabiwa pia.

Tuseme duka la vyakula lina printa ya milimita 58, lakini programu ya mauzo imeachwa kwenye mpangilio wa 80. Programu hupanga mstari wa herufi 48: “Unga wa sembe kilo 2” upande wa kushoto, na bei 4,000 mwisho kabisa kulia. Printa ikifika herufi ya 32 huvunja mstari, na bei hudondoka chini, mbali na bidhaa yake. Risiti ya bidhaa kumi huwa haisomeki. Draiva nyingine, badala ya kuvunja mstari, hukata kabisa upande wa kulia, na jumla haionekani. Dawa ni moja: upana uliochaguliwa kwenye Paper Size ya draiva na ule wa programu ya mauzo vyote vilingane na roli iliyomo ndani.

Baadhi ya printa za 80 hukubali roli ya 58 kwa kuwekewa kizuizi cha plastiki pembeni. Uamuzi huo ufanywe mwanzoni na usibadilishwe, kwa sababu sehemu ya kichwa isiyopitiwa na karatasi husuguana na mpira wa kusukumia na kuchakaa. Roli pana ikirudishwa baadaye, maandishi ya upande huo huweza kutoka hafifu.

Droo ya fedha kwa kawaida haichomekwi kwenye kompyuta. Waya wake, wenye kichwa kinachofanana na cha simu ya mezani, huingia kwenye tundu la nyuma ya printa ambalo mara nyingi huandikwa DK. Waya wa simu usichomekwe hapo kamwe, kwa kuwa tundu hilo hutoa umeme, kwa kawaida volti 24. Printa nyingine ndogo hutoa volti 12, na nyingine hazina tundu hilo kabisa, hivyo volti za droo zilinganishwe na za printa kabla ya kununua. Printa ikipokea amri, hupeleka umeme kwa kitambo kifupi, sumaku iliyo ndani ya droo huvuta kitasa, na droo huruka wazi.

Amri hiyo huwekwa kwenye draiva, penye maneno Cash Drawer, au kwenye programu ya mauzo kwa tarakimu hizi:

```
27,112,0,25,250
```

Sufuri ya katikati huchagua njia ya kwanza ya umeme. Droo isipofunguka, ibadilishwe kuwa 1, kwani baadhi ya droo hutumia njia ya pili.

Sikio husaidia kutambua hitilafu. Droo ikitoa mlio wa “tak” bila kufunguka, umeme umefika. Mara nyingi droo imefungwa kwa ufunguo, au noti imekwama nyuma ya trei. Ikiwa kimya ilhali risiti imetoka, kukaguliwe waya, tarakimu za amri na volti, kwa mpangilio huo.